Giza lililopita ulikuwa kambi gani? Korodani iliyovimba, umri wa mgonjwa na antibayotiki niliyokosea

Tabibu_Ziwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni tabibu, nipo kituo kidogo kando ya ziwa hapa Mwanza. Wagonjwa wangu wengi ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa na vijana wa bodaboda. Naleta kisa ambacho kimenikaa rohoni wiki ya pili sasa. Vitu vidogo nimevibadilisha ili mhusika asijulikane.

Alikuja baba wa miaka 41, nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Korodani ya kulia ilikuwa imevimba siku ya pili. Maumivu hayakuja ghafla, yalianza kama kubanwa na suruali, yakaongezeka mpaka akawa anatembea amepanua miguu. Nilipomgusa, korodani yenyewe haikuwa mbaya. Kilichokuwa kibaya ni ule mrija uliojikunja nyuma yake, epididimisi, umenenepa kama kidole gumba, ukiugusa tu anakushika mkono. Joto 37.9. Mkojo unamchoma kidogo. Mke wake alikuwa amekaa naye chumbani, ana mimba ya miezi mitano. Nikamuuliza, "Kuna mwenza mwingine?" Akajibu hapana. Mbele ya mkewe mjamzito angejibu nini?

Kichwani nilikuwa na ile kanuni tuliyofundishwa chuoni: chini ya miaka 35 fikiria klamidia na kisonono, juu ya 35 fikiria bakteria wa utumbo, hasa E. koli, wanaoingia kupitia mkojo. Huyu ana 41. Nikamwandikia sipro miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 10, na diklofenaki ya maumivu.

Siku ya tano akarudi peke yake. Joto 38.8, mfuko mzima umewiva, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Hapo nikafunga mlango na kuuliza swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza: "Giza lililopita ulikuwa unavua kambi gani?" Akanyamaza. Halafu akasema giza lile, zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, alikuwa kisiwani wiki tatu, kuna mama aliyekuwa akimpikia, na asubuhi mbili au tatu aliona kidoa cheupe kwenye chupi, akakifuta, kikaisha. Mbalamwezi ilipotoka akarudi nyumbani kwa mkewe.

Tulichukua ute kwenye tundu la mkojo, maabara wakaona seli nyeupe nyingi na vidudu vya kisonono ndani yake. Nikampiga seftriaksoni miligramu 500 ya msuli, mara moja, na doksi miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 10. Siku ya tatu homa imekwisha na anatembea vizuri.

Swali langu kwa wenzangu: ile miaka 35 mnaitumiaje?

---

Msukuma_Halisi

Tabibu, kosa lako ni kwamba hukumpa sipro ya kutosha. Mimi si daktari, lakini mwaka juzi nilivimba hivyohivyo upande wa kushoto, nikapewa sipro wiki mbili na nikapona kabisa. Na wakati huo nilikuwa na 56. Kwa hiyo dawa inafanya kazi, watu wanaikatiza tu.

---

Tabibu_Ziwani

Mkuu, pole na asante kwa kuleta kisa chako. Naomba nikuulize, kabla ya kuvimba mkojo wako ulikuwaje?

---

Msukuma_Halisi

Ulikuwa unakatakata muda mrefu. Usiku naamka mara nne. Na wiki moja kabla nilikuwa nimewekewa mpira wa mkojo baada ya kuziba kabisa.

---

Tabibu_Ziwani

Hapo ndipo kisa chako na cha nahodha vinapoachana. Wewe mkojo ulikuwa unabaki kibofuni kwa sababu ya tezi dume, halafu mpira ukapita na kupandisha bakteria wa utumbo. Hao wakapita kwenye mrija wa mbegu kurudi nyuma mpaka epididimisi. Sipro inaweza kuwapata. Ilikuponya kwa sababu chanzo chako kilikuwa kile, wingi wa siku ulikuwa jambo la pili.

Nahodha mkojo wake unatoka kwa nguvu, hajawahi kuwekewa mpira. Alikuwa na kisonono, na kisonono cha siku hizi kimezizoea dawa za familia ya sipro karibu dunia nzima. Na kama kulikuwa na klamidia pembeni, ambayo mara nyingi huambatana nacho, sipro ni dhaifu kwake. Ningempa hata mwezi mzima tungeishia palepale.

---

Hadubini

Nipo maabara, naomba niseme la upande wetu. Matabibu wengi mnatuletea mkojo bila kusema mnatafuta nini. Mgonjwa anapewa kikopo, anaambiwa aanze kukojoa chooni, kisha akinge wa katikati. Huo ni mzuri kwa kuotesha E. koli. Lakini kama unashuku klamidia au kisonono, ule wa mwanzo uliomwagwa chooni ndio uliobeba seli kutoka kwenye njia ya mkojo. Tunapima wa katikati, unaonekana msafi, mnaandika "hakuna maambukizi".

Kwa mwanaume mwenye korodani iliyovimba mimi naomba vikopo viwili. Cha kwanza mililita chache za mwanzo kabisa, awe hajakojoa walau saa moja. Cha pili wa katikati. Seli nyeupe zikijaa kwenye cha kwanza na cha pili kikawa karibu kisafi, naelekea kwenye zinaa. Vyote viwili vikiwa vichafu na kijiti kikabadilika rangi kwenye naitriti, ile alama inayoachwa na bakteria wa utumbo kwenye mkojo, naelekea E. koli na ndugu zake, na hapo naomba tuoteshe ili tujue dawa gani bado inawaua.

---

Tabibu_Ziwani

Hadubini, hilo la vikopo viwili nalichukua. Nahodha siku ya kwanza nilimpima kwa kijiti, mkojo wa katikati, naitriti hakuna. Na bado nikaandika sipro kwa sababu ya umri tu. Kile kijiti kilikuwa kinanionyesha njia, sikukisikiliza.

---

Kisiwani_77

Jamani mimi niko Ukerewe. Korodani ya kushoto kubwa tangu 2019, haiumi, inajaa kama puto la maji. Niliambiwa ni busha. Hizo sindano za seftriaksoni zinaweza kulikausha? Na je, niongeze doksi?

---

DukaMuhimu_Igoma

Kisiwani, busha halikaushwi kwa antibayotiki, hilo hata mimi wa duka la dawa nalijua. Ni upasuaji.

Tabibu, niseme ukweli wangu. Kwangu wanakuja vijana kila wiki, wanasema "dada, nipe dawa ya kuvimba huku chini." Hawataki kwenda kituoni kwa sababu wataulizwa maswali. Nikikataa wanakwenda duka la jirani. Sindano siruhusiwi kuchoma. Ndiyo maana tunaishia na vidonge. Mimi huwapa azithromaisini gramu moja na sipro pamoja, naona kama nimeziba pande zote.

---

Tabibu_Ziwani

Dada, nashukuru kwa kusema wazi, wengi hawasemi. Ngoja nikuonyeshe tundu lilipo kwenye mchanganyiko huo.

Kisonono kinataka sindano. Kidonge cha kutegemea hapo hatuna. Klamidia iliyokwisha kuingia kwenye epididimisi inataka doksi ya siku 10, dozi moja ya azithromaisini haitoshi kwa kiungo kile. Kwa hiyo kijana anaondoka na vidonge vya aina mbili, maumivu yanapungua kidogo kwa sababu umempa na diklofenaki, anaona amepona, anarudi kambini. Baada ya wiki tatu anakuja kwangu na jipu.

Ombi langu ni dogo. Akija mwenye uvimbe wenye maumivu, mpe panado na barua ya kuja kituoni. Mwambie sindano ni moja tu, na maswali yanaulizwa mlango ukiwa umefungwa.

Kisiwani, komenti yako nimeiona. Uvimbe wa miaka bila maumivu si mada hii, lakini usipuuze, nenda wakumulike kwa tochi na kukupiga altrasaundi. Ukianza kuuma au ukihisi kitu kigumu ndani, wahi zaidi.

---

MamaDagaa_Mwaloni

Nimesoma yote na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Yule mke mwenye mimba ya miezi mitano yuko wapi?

Mimi nauza dagaa Mwaloni mwaka wa kumi na mbili. Naona wanawake wenzangu wanatibiwa maumivu ya tumbo la chini mwezi baada ya mwezi na hawajui yalitoka wapi. Mwanaume anachomwa sindano, anapona, anakaa kimya. Tabibu, ulimwita?

---

Tabibu_Ziwani

Mama, nilimwita, na ndiyo sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Nilimpa nahodha siku mbili azungumze naye mwenyewe, nikamwambia asipoweza waje wote nitawasaidia kuzungumza. Walikuja wote. Alilia. Sitaandika zaidi ya hapo.

Dawa yake si sawa na ya mumewe. Doksi hatumpi mjamzito, kwa ajili ya meno na mifupa ya mtoto. Alipata seftriaksoni ileile ya miligramu 500 na azithromaisini gramu 1 ya kumeza mara moja. Kwake dozi moja inakubalika kwa sababu tunatibu mlango wa kizazi, si epididimisi. Wote wawili walipimwa VVU na kaswende siku hiyohiyo. Nikawaambia wasikutane kimwili mpaka wote wamalize dawa na dalili ziishe.

Yule mama wa kisiwani pia yumo. Tunahesabu wenza wa siku 60 zilizopita. Nahodha alikuwa na namba yake, alimpigia akiwa mbele yangu. Kama alikwenda kutibiwa, sijui.

---

MamaDagaa_Mwaloni

Ahsante. Mungu akutie nguvu.

---

Kapripointi

Habari za kazi. Mimi ni daktari wa upasuaji, nimestaafu. Nakubaliana na tabibu kwa sehemu kubwa, lakini naona mnaikimbia kanuni ya 35 kwa haraka mno. Haikuwekwa bure. Mwanaume wa 63 mwenye tezi kubwa, mke mmoja, mkojo wenye naitriti, huhitaji kumchoma seftriaksoni na kumpa doksi. Mpe levofloksasini miligramu 500 mara moja kwa siku kwa siku 10, otesha mkojo kabla hajameza kidonge cha kwanza, kisha mtafutie sababu ya mkojo kubaki. Usipomtibu tezi, atarudi na korodani ya upande wa pili.

Umri unakupa mahali pa kuanzia. Historia ndiyo inayokuthibitishia au kukukatalia. Kosa lako halikuwa kutumia umri, ulisimama hapohapo tu.

Na kuna swali moja vijana wetu wanaona haya kuliuliza: tendo la nyuma, liwe na mwanamke au na mwanaume. Kijana wa 24 anayefanya hivyo anaweza kuwa na kisonono, klamidia na E. koli kwa pamoja. Huyo anachomwa seftriaksoni, lakini badala ya doksi anapewa levofloksasini siku 10, kwa sababu hiyo inakamata klamidia na bakteria wa utumbo. Ukimpa doksi kwa kuwa ni kijana tu, umekosea kama tabibu alivyokosea kwa nahodha, ila kwa upande wa pili.

---

Hadubini

Daktari, shikamoo. Hapo kwenye levo naomba tuelewane. Mikojo ya wazee tunayootesha, E. koli wengi sasa hawasikii sipro wala levo. Ukimwanzishia levo na majibu yanatoka siku ya tatu, je, unasubiri?

---

Kapripointi

Marahaba. Nasubiri kama homa inashuka. Kama mgonjwa anatetemeka na homa, au ana kisukari, au alishatumia dawa za familia hiyo karibuni, simwachi nyumbani. Namlaza, naanza seftriaksoni ya mshipa, na majibu yako yakitoka nabadilisha. Lakini vidonge vinavyoingia vizuri kwenye tezi dume na epididimisi ni vichache. Nitrofurantoini, ambayo watu wanaipenda kwa yutiai, inabaki kwenye mkojo tu, kwenye korodani haina kazi.

---

Hadubini

Na yule wa katikati? Miaka 47, mkojo unakatika kidogo, na ana mchepuko mpya?

---

Tabibu_Ziwani

Mimi huyo ningempa seftriaksoni na levo, kama daktari alivyosema kwa yule kijana.

---

Hadubini

Nami ningeona vikopo viwili kwanza. Levo ni dawa tunayoihitaji kwa kifua kikuu sugu, tusiigawe kama karanga.

---

Kapripointi

Kama maabara iko mlango wa pili, sawa. Kama mgonjwa amevuka maji kwa saa mbili na mtumbwi unamsubiri, mpe na uchukue mkojo. Hapa tutatofautiana.

---

BabaJunior_Buhongwa

Samahani kwa kuingilia. Mwanangu ana miaka 14. Tangu jana saa tatu usiku korodani ya kushoto inamuuma sana, ametapika mara mbili. Tulidhani amepigwa mpira, tukampa amoksilini iliyokuwepo nyumbani. Sasa ni saa moja asubuhi na imevimba. Kwa umri huo ni dawa gani kati ya hizi?

---

Tabibu_Ziwani

Baba, HAKUNA dawa kati ya hizi. Acha simu, mchukue mwende hospitali yenye upasuaji sasa hivi, bodaboda au bajaji, chochote. Asile wala kunywa kitu. Ukifika mapokezi sema maneno haya: "korodani imeuma ghafla tangu saa tatu usiku, anatapika." Inaweza kuwa imejinyonga. Damu haipiti. Yanayohesabiwa ni masaa.

---

Kapripointi

Ongeza hili: wakikuambia usubiri altrasaundi mpaka mchana, omba daktari wa upasuaji amwone kwanza.

---

Msukuma_Halisi

Tabibu, sisi watu wa kawaida tutatofautishaje? Mimi nilisikia ukiinua korodani na maumivu yakapungua basi ni maambukizi.

---

Tabibu_Ziwani

Hilo la kuinua linatajwa sana, usiliwekee dhamana. Angalia mwendo wake. Maambukizi hupanda kwa siku moja au mbili, mara nyingi na mkojo unaochoma, usaha au homa. Kujinyonga huja ghafla, kijana anaweza kukuambia mpaka saa, na kutapika ni kwingi. Korodani huwa imepanda juu na imelala kiubavu. Mimi humkwaruza paja la ndani taratibu: kwa kawaida korodani ya upande huo hujivuta juu. Isiposogea kabisa, napiga simu ya rufaa kabla hata ya kuandika faili. Na kwa mtoto ambaye hajaanza ngono sianzi kufikiria klamidia.

---

DukaMuhimu_Igoma

Tabibu, turudi kwenye doksi. Vijana wengi wanaikatiza siku ya nne, wanasema inawachoma kifuani na jua linawaunguza.

---

Tabibu_Ziwani

Umenigusa penyewe, maana nahodha karibu aikatize kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa anameza kidonge kwa funda moja la maji alfajiri akitoka ziwani, anajitupa kitandani. Kidonge kinaganda kwenye koo la chakula na kuunguza. Nikamwambia ameze baada ya kula, na glasi nzima ya maji, akae wima nusu saa. Asimeze pamoja na maziwa, dawa za kiungulia wala vidonge vya kuongeza damu, vinaifunga isiingie mwilini.

Jua nalo ni kweli. Mchana yuko mchangani anasaidia kuanika dagaa, mikono wazi. Siku ya tatu mabega yalikuwa mekundu. Alivaa shati la mikono mirefu na kofia pana mpaka siku ya kumi. Kwa maumivu, alilala chali na taulo iliyokunjwa chini ya korodani, na akitembea alivaa chupi ya kubana. Hiyo ilimsaidia kuliko diklofenaki, kwa maneno yake.

---

BabaJunior_Buhongwa

Tumetoka. Wameitoa ya kushoto, walisema imeshakuwa nyeusi. Ya kulia wameishonea isije ikajinyonga nayo. Amelala. Asanteni.

---

MamaDagaa_Mwaloni

Pole sana baba. Pole kwa mtoto.

---

Tabibu_Ziwani

Pole sana baba Junior. Ya kulia ikiwa salama, homoni na uzazi vinaweza kuendelea vizuri, mwambie hivyo akiamka, maana atajiuliza na hatakuuliza.

---

Mvuvi_Kayenze

Mimi nimesoma kimya toka mwanzo. Nina miaka 29. Nilichomwa sindano na nikamaliza doksi siku zote 10, mke naye alitibiwa. Maumivu yaliisha. Lakini sasa ni wiki ya saba, nyuma ya korodani bado kuna kitu kigumu kama punje za mahindi zimepangana, na usiku natoka jasho. Nirudie doksi?

---

Tabibu_Ziwani

Usirudie. Homa na maumivu yalitakiwa kupungua ndani ya siku tatu, na kwako yalipungua, sawa. Ugumu kidogo unaweza kubaki wiki kadhaa. Lakini wiki ya saba, uvimbe wa punjepunje na jasho la usiku, mimi nawaza kifua kikuu cha epididimisi, na nataka pia tuhakikishe si uvimbe wa korodani yenyewe. Una kikohozi? Umepungua uzito? Umepima VVU lini?

---

Mvuvi_Kayenze

Kikohozi hakuna. Suruali zimelegea kidogo. VVU nilipima mwaka jana.

---

Tabibu_Ziwani

Basi njoo Jumatatu asubuhi, tuanze na altrasaundi, mkojo wa alfajiri kwa ajili ya kifua kikuu, picha ya kifua na VVU upya. Kabla ya hapo usinunue levo dukani, inaweza kutuliza kifua kikuu kwa muda na kutuficha majibu. Njoo na maganda ya dawa ulizomeza, hata kama ni matupu.